Paili ya mnara imepewa uwezo wa kN 520: je, naweza kuutumia uwezo huo kwenye nguvu ya kung'oa?

Chipukizi_wa_Misingi

Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa misingi ya mnara wa vyuma wa miguu minne unaojisimamia wenyewe bila kamba, wenye urefu wa mita 42, na umbali kati ya mguu na mguu ni mita 5. Mtengenezaji wa mnara ametupatia momenti ya upepo kwenye kitako, ambayo ni kNm 2,800 kabla ya kuzidishwa na vigezo vyovyote, na uzito wa mnara pamoja na vifaa vyake ni kN 100. Kila mguu utakaa juu ya paili moja ya kuchimbwa yenye kipenyo cha milimita 600 na urefu wa mita 10.

Ripoti ya udongo inaeleza kuwa mita 2 za juu ni kifusi, kisha udongo wa mfinyanzi wa ugumu wa wastani hadi mita 6, halafu mchanga ulioshikana kiasi hadi mwisho wa shimo la uchunguzi. Maji yalikutwa mita 3 kwenda chini. Kwa paili hiyo ripoti inatoa uwezo unaoruhusiwa wa kN 520, kigezo cha usalama cha 2.5 kikiwa ndani yake tayari.

Mimi nimepiga hesabu hivi: upepo ukipiga uso wa mnara, miguu miwili inagandamizwa na miwili inang'olewa, kwa hiyo kila mguu unaong'olewa unapata 2,800 ikigawanywa kwa mara mbili ya 5, yaani kN 280. Nikitoa robo ya uzito wa mnara, inabaki kN 255. Kwa kuwa 255 ni chini ya nusu ya 520, naona paili inatosha na inabakiza. Mkubwa wangu wa kazi hajaridhika, lakini ameniambia tu nikafikirie tena bila kunionyesha kosa liko wapi. Naombeni mnisaidie kuliona.

Mwamba_Mgumu

Ndugu, suluhisho la minara ni moja tu, nalo ni kuchimba hadi ukutane na mwamba. Paili ikishakalia mwamba haiendi popote. Mimi nimesimamia misingi mingi ya majengo ya ghorofa na sijawahi kuona paili iliyokalia mwamba ikisumbua. Waombe waongeze urefu wa shimo la uchunguzi wajue mwamba uko kina gani, kisha hayo mahesabu mengine yatakuwa mepesi.

Tabaka

Mwamba_Mgumu, kwa jengo la ghorofa uko sahihi kabisa, lakini hapa paili haisukumwi chini, inavutwa juu. Paili iliyokalia mwamba ikivutwa huuacha mwamba pale ulipo na kuondoka zake. Mwamba utamsaidia mwenye uzi iwapo tu paili imechimbiwa ndani yake kwa mita kadhaa ili kuta za shimo la mwamba ziishike, na hapo kinachofanya kazi ni ubavu wa paili. Kitako chake hakina mchango.

Chipukizi, makosa yako ni mawili, na la kwanza liko kwenye mnara wenyewe kabla hatujagusa udongo. Umeuacha upepo upige uso tu. Upepo ukija kwa mshazari, kutoka pembe moja kwenda pembe inayoikabili, mguu mmoja peke yake ndio unaong'olewa na mguu mmoja ndio unaogandamizwa, na ile miwili ya pembeni inabaki karibu na mhimili, haisaidii kitu. Umbali kati ya miguu hiyo miwili ni ulalo wa mraba, yaani 5 mara 1.414, ambao ni mita 7.07. Gawanya 2,800 kwa 7.07 upate kN 396, utoe kN 25 za uzito, inabaki kN 371. Nimechukulia kuwa momenti ni ileile kwa pande zote mbili. Muulize mtengenezaji akupe ya mshazari, kwa sababu kwa minara ya aina hii mara nyingi haiwi sawasawa na ya uso. Kwa sasa tuseme unatafuta kN 371 badala ya 255.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni hiyo 520. Rudi kwenye ripoti uangalie imejengwa na nini. Tuandikie msuguano wa ubavuni umehesabiwa kiasi gani na kitako kimehesabiwa kiasi gani, kisha tuendelee.

Chipukizi_wa_Misingi

Asante sana Tabaka. Nimeifungua ripoti. Kifusi cha mita 2 hakikuhesabiwa. Kwa udongo wa mfinyanzi, kutoka mita 2 hadi 6, wametumia msuguano wa kPa 25, ambao ni nusu ya ukinzani wake wa kukatika wa kPa 50. Kwa mchanga, kutoka mita 6 hadi 10, wametumia wastani wa kPa 35. Kitako wamekipa kPa 3,000. Mzingo wa paili ni mita 1.885, kwa hiyo mfinyanzi unatoa kN 188, mchanga kN 263, na kitako kN 850. Jumla ni takriban kN 1,300, na ukigawanya kwa 2.5 unapata 520.

Naona sasa. Kitako ndicho kinachobeba karibu theluthi mbili ya uwezo wote, na kwenye kung'olewa hakipo.

Turubai

Samahani kuingilia, ila suala hili linanigusa. Sisi tunajenga vivuli vya turubai vya kudumu, vya nguzo nne, na kila nguzo upepo unaivuta kwenda juu kwa kN 30 hivi. Hatujawahi kutumia paili. Tunamwaga bonge la zege la mita 1.2 kwa 1.2 kwenda chini mita 1, lenye uzito wa karibu kN 35, na tunalala usingizi. Kwa nini mnara nao usishikiliwe kwa uzito mtupu? Zege halidanganyi, lina uzito wake na halitegemei msuguano ambao hakuna aliyeuona.

Tabaka

Turubai, zege halidanganyi maji yakiwa mbali. Bonge lako ni mita za ujazo 1.44. Maji ya ardhini yakipanda hadi usawa wa ardhi, kila mita ya ujazo ya zege inapoteza kN 10 kati ya 24, kwa hiyo lile bonge la kN 35 linabaki na kN 20. Ulikuwa unashikilia 30 kwa 35, ambayo ni akiba ndogo hata kukiwa kukavu, na siku ya mvua kubwa yenye upepo unashikilia 30 kwa 20. Inawezekana kilichokuokoa mpaka sasa ni udongo uliobana pembeni mwa bonge, yaani uleule msuguano ambao hujauona, au ni kwamba upepo wa kiwango ulichokisanifia haujafika bado.

Sisemi kwamba uzito ni njia mbaya. Kwa vivuli na mabanda mepesi mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote, na ukitanua kitako cha msingi ukarudishia udongo juu yake na kuushindilia vizuri, unaazima pia uzito wa udongo ulio juu. Ila hesabu uzito huo kana kwamba maji yamejaa, na usiuhesabu udongo uliorudishiwa kwa koleo bila kushindiliwa. Kwa mnara wa kN 371 kila mguu, uzito mtupu ungehitaji zaidi ya mita za ujazo 26 za zege ndani ya maji kwa mguu mmoja, hata kabla ya kigezo chochote cha usalama.

Turudi kwa Chipukizi. Kitako tumekitoa, zimebaki 188 na 263. Ile 188 ya mfinyanzi naiacha kama ilivyo, kwa kuwa kwa udongo wa mfinyanzi msuguano wa kuvuta na wa kugandamiza haupishani sana. Mchanga ndio una mambo. Paili ikigandamizwa inatanuka kidogo sana kwenda pembeni na kuubana mchanga, tena inaongeza mkazo kwenye udongo unaoizunguka. Ikivutwa inasinyaa kidogo na kuupunguzia mchanga mkazo, kwa hiyo msuguano unashuka. Wengi hutumia asilimia 70 hadi 80 ya msuguano wa kugandamiza. Mimi nitatumia 75.

Kisha kuna maji. Ile kPa 35 imetokana na maji kuwa mita 3 kwenda chini. Ukichukua uzito wa udongo kuwa kN 18 kwa mita ya ujazo, mkazo halisi katikati ya mchanga, kina cha mita 8, ni kPa 94. Maji yakifika juu unakuwa kPa 64 tu, na msuguano wa mchanga hufuata mkazo huo moja kwa moja. Kwa hiyo 263 inakuwa 179, na asilimia 75 yake ni 134. Jumla ya ubavu ni 188 na 134, yaani kN 322. Gawanya kwa 2.5 upate 129, ongeza uzito wa paili ndani ya maji ambao ni kama kN 40, unafika kN 169.

Ulidhani una 520 dhidi ya 255. Kumbe una 169 dhidi ya 371. Mkubwa wako alikuwa na sababu ya kutoridhika.

Kamba_Tatu

Kwetu tulikuwa na mnara ambao msingi wake ulianza kusogea kuelekea kwenye mnara, bonge lote la zege likiwa limezikwa ardhini. Tuliongeza zege juu yake, halikusaidia. Je, nalo ni tatizo la kung'oka? Naona mnajadili paili tu, lakini nadhani na nyinyi mngeweka bonge mngepata tatizo hilohilo.

Tabaka

Kamba_Tatu, jina lako linanifanya nidhani mnara wenu ni ule mwembamba unaoshikwa kwa kamba za chuma pande tatu. Huo ni mwingine kabisa. Kamba inavuta kwa mshazari, na mara nyingi sehemu ya kuvuta kwenda pembeni ndiyo kubwa kuliko ya kuvuta juu. Uzito ulioongeza juu umezuia kung'oka, lakini bonge lako lilikuwa linateleza. Lilihitaji udongo mgumu ambao haujachimbuliwa mbele yake, upande unaotazama mnara. Kama mlichimba shimo pana mkarudishia udongo laini mbele ya bonge, hapo ndipo lilipopatia nafasi ya kutembea. Fungua uzi wake, nitakuja.

Nondo16

Mimi ni mkandarasi, siyo mtu wa hesabu, ila nina jambo ambalo naona hamjaligusa na lilinigharimu. Tulijenga misingi ya mnara kwa michoro tuliyopewa, paili za mita 12, na fremu ya nondo ilikuwa ya mita 6 tu, ikimaanisha nusu ya chini ya paili ni zege tupu. Mchoro ulikuwa umechukuliwa kutoka kwenye mradi wa jengo, ambako paili hubeba uzito tu na nondo za chini hazihitajiki sana. Sisi hatukuuliza.

Baada ya msimu mmoja wa upepo tuliitwa. Mguu mmoja wa mnara ulikuwa umenyanyuka milimita 30 hivi. Kulizunguka zege la kichwa kulikuwa na mwanya wa duara kati ya zege na udongo, mwembamba kiasi cha kuingiza ukingo wa sarafu, na udongo wa pembeni ulikuwa umeinuka kama ukingo wa sufuria. Paili haikuwa imeng'oka yote. Ilikuwa imekatika pale nondo zilipoishia, na kipande cha juu peke yake ndicho kilichokuwa kinauvuta udongo mwepesi wa juu. Mita 6 za chini, ambako udongo mzuri ulikuwepo, zilibaki zimezikwa bila kazi.

Chipukizi, hakikisha nondo zako zinafika chini kabisa, na kwenye maungio ya nondo usikubali kuunga zote usawa mmoja.

Tabaka

Nondo16, huo ndio mchango bora wa uzi huu. Zege halivutiki, likivutwa linapasuka, na kuanzia hapo nguvu yote iko kwenye nondo. Kama Chipukizi angeendelea na paili moja kwa mguu, kN 371 ukizidisha kwa 1.5 ni karibu kN 557, na nondo ya daraja la 500 inahesabiwa kubeba kama nyutoni 435 kwa milimita ya mraba. Inatakiwa milimita za mraba 1,280, yaani nondo 7 za milimita 16 kutoka juu hadi chini, na pengine zaidi ili nyufa zisiwe pana kiasi cha kuruhusu kutu. Idadi siyo kubwa. Hatari iko kwenye urefu na kwenye namna nondo zinavyoingia kwenye kichwa cha zege: nondo za paili ziingie zikiwa na urefu wa kutosha kushika, na boliti za mnara zipishane nazo kwenda chini, zisiishie kwenye tabaka la juu la zege ambalo linaweza kuchomoka kama kifuniko.

Chipukizi_wa_Misingi

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kurefusha paili moja. Nikiendelea na mchanga uleule, maji yakiwa juu, kwa mita 16 napata kN 322, na kwa mita 18 napata kama kN 387. Ya pili ni paili mbili za mita 10 kwa kila mguu, zenye umbali wa mita 1.8 kati ya vitovu vyake, na kichwa cha zege cha mita 3 kwa 1.2 kwa 1. Paili mbili zinatoa 338, na kichwa ndani ya maji kinaongeza kama 50, jumla 388. Nimeangalia pia kama paili mbili zinaweza kung'oka pamoja na udongo ulio katikati yake kama bonge moja, lakini mzingo wa bonge hilo ni mita 6, nao ni mkubwa kuliko mizingo miwili ya paili ikijumlishwa, kwa hiyo haitawali. Nimeegemea ya pili kwa kuwa shimo la uchunguzi liliishia mita 15, na sipendi kuweka paili mahali ambapo hakuna aliyechungulia.

Tabaka

Umefikiri vizuri, hasa hiyo sababu ya mwisho. Sasa tahadhari moja ya kichwa cha zege. Wasanifu wengi wanaweka nondo kuu chini ya kichwa kwa sababu wamezoea mguu unaosukuma chini katikati na paili zinazosukuma juu pembeni. Kwenye kung'olewa picha inageuka: mguu unavuta juu katikati na paili zinavuta chini pembeni, kwa hiyo uso wa juu ndio unaovutika na ndio unaopasuka. Weka nondo za kutosha juu na chini. Nimeona kichwa chenye nondo nzuri sana chini na wavu mwembamba tu juu, kwa ajili ya nyufa za kukauka.

Jeki_Tani60

Mimi ndiye ninayevuta paili kwenye majaribio. Nakubaliana na mahesabu, lakini ningependa Chipukizi aongeze paili moja ya majaribio pembeni ya mnara, ivutwe hadi ishindwe. Kigezo cha 2.5 ni bei ya kutojua. Ukivuta, wasanifu wengi watakuruhusu ushuke hadi 2.

Kuna mtu aliwahi kuniletea majibu ya kujivunia sana, paili fupi imevutwa nguvu ambayo haikuelezeka. Nilipoangalia picha, boriti ya jeki ilikuwa imekaa juu ya magogo yaliyo nusu mita kutoka kwenye paili, kila upande. Yaani jeki inavuta paili juu na wakati huohuo magogo yanasukuma udongo uleule chini na kuibana paili. Ni sawa na mtu kujaribu kung'oa mhogo huku ameukanyagia udongo kwa miguu yote miwili. Vitako vya boriti viwe mbali, angalau mara 5 ya kipenyo, yaani mita 3 kwa paili yako. Geji za kupimia mwendo nazo zifungwe kwenye boriti nyingine isiyogusana na ile ya jeki, na iwekewe kivuli, kwa sababu jua peke yake linaipinda chuma kiasi cha kukuharibia vipimo vya milimita moja.

Mwamba_Mgumu

Sawa, nimekubali kuhusu kitako. Lakini sasa kwa nini asitumie nanga za ardhini? Unatoboa tundu jembamba, unaingiza waya za chuma, unajaza uji wa saruji kwenye sehemu ya chini, kisha unazikaza kwa jeki. Mnara unabaki umebanwa chini muda wote na msingi haunyanyuki hata upepo ukivuma. Huko mwamba wangu utafaa.

Tabaka

Hapo umesema jambo lenye uzito, na nanga zilizokazwa zina faida ambayo paili haina: upepo unapokuja, unapunguza tu mgandamizo uliokwisha kuwekwa kati ya msingi na ardhi, kwa hiyo udongo unaoshika nanga hausikii kila mvumo. Kwenye mwamba ningezifikiria kwanza.

Kwa eneo hili nina wasiwasi wa mambo mawili. Nanga iliyokazwa inausukuma msingi chini mwaka mzima, na chini ya msingi huu kuna kifusi na mfinyanzi. Udongo huo utashuka taratibu, na kila milimita unayoshuka waya zinalegea. Nanga ambayo sehemu yake huru, ile isiyoshikwa na uji wa saruji, ni fupi hupoteza sehemu kubwa ya mkazo kwa mshuko mdogo tu. Jambo la pili ni kutu. Sehemu inayoharibika mara nyingi ni palepale chini ya kichwa cha nanga, mahali ambapo uji wa saruji haukufika na maji yanafika. Anayeweka nanga za kudumu awe tayari kufungua vichwa na kupima mkazo kila baada ya miaka kadhaa. Kwenye mnara ulio peke yake mlimani, sijui nani atapanda kufanya hivyo.

Jeki_Tani60

Kwenye hilo tunapishana, dada Tabaka. Kila nanga hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa, inavutwa kupita mzigo wake wa kazi na kuachwa tuangalie kama inaendelea kuteleza. Paili ngapi za mnara hujaribiwa kwa kuvutwa? Moja, au hakuna. Mimi naamini kitu nilichokivuta. Kutu inazuilika kwa mirija miwili ya plastiki na kazi safi.

Tabaka

Jaribio linakuambia hali ya nanga siku ile. Halikuambii ya mwaka wa ishirini. Lakini nakubali hoja yako kuhusu paili zisizojaribiwa.

Chipukizi_wa_Misingi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki kadhaa. Mwenye mradi alikubali paili moja ya majaribio ya mita 10. Vitako vya boriti tuliviweka mita 3.2 kutoka kwenye paili. Tulivuta kwa hatua za kN 50. Kufikia kN 350 paili ilikuwa imepanda milimita 4 na ilitulia kila hatua. Kwenye kN 400 ilifika milimita 7, na baada ya saa nzima geji zilikuwa bado zinatembea. Tulipojaribu kN 450, pampu haikuweza kushikilia. Kila tukipampu paili ilipanda na kipimo cha jeki kilirudi chini. Maji kwenye bomba la uangalizi siku hiyo yalikuwa mita 3.1.

Kuna mtu hapa kazini anasema sasa tuchukue kN 400 tugawanye kwa 2, tupate 200 kwa paili, tufunge mjadala.

Tabaka

Jaribio zuri. Tukitumia hesabu yetu kwa maji ya mita 3, tungetegemea mfinyanzi 188, mchanga asilimia 75 ya 263, yaani 197, na uzito wa paili kama 48 kwa kuwa sehemu ya juu haimo majini. Jumla 433. Yako imeanza kuteleza 400 na ikashindwa kabla ya 450, kwa hiyo udongo umejibu karibu na tulivyodhani, pengine pungufu kidogo.

Lakini mwambie mwenzako kwamba mlivuta wakati wa ukavu. Maji yakipanda hadi juu, hesabu ileile inatoa 322 na 40, yaani 362. Tofauti ni kama kN 70, na lazima ikatwe kwenye majibu ya jaribio kabla ya kugawanya. Kwa hiyo anza na 330, ambazo ndani yake kuna kN 40 za uzito. Ukigawanya 290 za msuguano kwa 2 na kurudisha 40, una 185 kwa paili, na 370 kwa mbili, pamoja na 50 za kichwa. Inatosha kwa 371, kwa akiba ya kama 50.

Jeki_Tani60

Na mvumo wa kurudiarudia mmeusahau. Jaribio lile ni mvuto mmoja wa polepole. Dhoruba inavuta na kuachia mamia ya mara, na kwenye mchanga msuguano huchakaa. Mimi ningevuta paili ileile tena, nusu ya mzigo, kupanda na kushuka mara 50, nione kama inatambaa.

Tabaka

Ileile imeshashindwa, ubavu wake umeshachubuliwa. Majibu yake yatakuwa mabaya kuliko ya paili mpya na hutajua ubaya umetoka wapi. Ila hofu yako ni ya kweli. Kwa mnara huu, mvuto wa kila siku ni mdogo, uzito wa mnara na kichwa unaumeza, na ule wa 371 ni wa dhoruba ya nadra. Ningebakia na kigezo cha 2 na kuongeza mita moja ya urefu. Mwingine angesema abaki na 2.5, na nisingeweza kumwambia amekosea.

Chipukizi_wa_Misingi

Mkubwa wangu amechagua mita 11 na paili mbili kwa mguu, nondo zote hadi chini, na nondo za juu kwenye kichwa sawa na za chini. Kuhusu paili ya majaribio, mkandarasi anauliza kama anaweza kuitumia kama mojawapo ya paili za mguu wa nne ili kupunguza gharama.

Nondo16

Mwambie Tabaka ameshalijibu swali hilo, na jibu ni hapana, ile imeshashindwa. Akate kichwa chake, afukie.